Anwani Moja, Watu 22

Nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka 1997, shule yetu nzima ilikuwa na sanduku moja la posta. Tulikuwa wavulana zaidi ya mia sita, nasi sote tuliandika nyuma ya bahasha S.L.P. ile ile. Barua zilizokuja zilifika katika gunia moja, na mwalimu wa zamu alizigawa kwa majina wakati wa paredi. Siku moja ikarudishwa kwetu barua ya mapenzi iliyopelekwa kwa binti wa shule ya masista ya jirani. Maneno yake hayakuwa ya adabu, na mwandishi hakuweka jina. Mkuu wa shule alitusimamisha juani, akasoma mistari miwili, akauliza ni nani. Hakuna aliyejitokeza. Kwa kuwa karatasi ilichanwa katika daftari la kidato chetu, kidato cha tatu chote tukazuiwa kutuma na kupokea barua kwa mwezi mmoja. Mimi mwezi huo nilikuwa nangoja barua ya mama, ambayo ndani yake ilikuwamo hawala ya posta ya nauli ya likizo.

Nilimlaani mwandishi wa barua ile kwa muda mrefu. Mkuu wa shule sikumlaani. Ilinichukua miaka 15, na safari ya mpaka Ujerumani, kujiuliza kwa nini.

Mwaka 2012 nilikuwa nikisoma shahada ya pili ya uhandisi wa maji katika mji mdogo wa chuo huko Ujerumani. Nilikaa katika hosteli ya ghorofa tatu, wanafunzi 22, jiko moja, sebule moja yenye televisheni. Nyumba ile ilikuwa ikijiendesha yenyewe kwa kikao cha kila mwezi, na kila mkazi alipewa kazi: huyu takataka, yule baiskeli. Mimi nilipewa mtandao, kwa sababu tu siku moja nilifaulu kuitengeneza printa. Msomaji asidhani nilikuwa fundi.

Mtandao wetu ulitoka kituo cha kompyuta cha chuo kwa waya mmoja. Waya ule uliingia katika ruta iliyowekwa juu ya kabati la viatu, na kutoka hapo ukasambaa vyumbani kwa waya na kwa hewa. Kwa watu wa nje, nyumba nzima ilikuwa na anwani moja, yaani safu moja ya tarakimu, mfano wa S.L.P. ya shule yetu. Ndani, kila kompyuta ilikuwa na namba yake ndogo ambayo ruta iliigawa, na ambayo haikutoka nje ya mlango. Kompyuta ya chumba cha 7 ikitaka ukurasa fulani, ruta iliupeleka ujumbe nje kwa anwani ya nyumba, ikaupa namba ya mlango, na ikaandika katika jedwali lake: mlango huu ni wa chumba cha 7. Jibu likirudi, ruta hutazama jedwali na kulipeleka panapohusika. Ndiye mwalimu wa zamu na gunia lake. Tofauti ni kwamba mwalimu yule alikumbuka barua za wiki nzima, hali ruta yetu ilikuwa sahaulifu: mazungumzo yakiisha, baada ya dakika chache mstari ule hufutika, na mahali pake huandikwa mwingine.

Jumanne tarehe 22 Mei, asubuhi, kila ukurasa tuliofungua ulituletea tangazo moja tu: anwani hii imefungwa kwa sababu ya malalamiko, mhusika awasiliane na kituo. Jambo la kwanza nililofanya ni kuizima ruta na kuiwasha tena, kama afanyavyo kila mtu. Kwa tendo hilo nilifuta jedwali lote. Halikuwa na msaada tena, kwa kuwa siku tatu zilikuwa zimepita, lakini nataka ijulikane kwamba mlinzi wa ushahidi ndiye aliyekuwa wa kwanza kuumwaga.

Nilikwenda kituoni nikapewa nakala ya malalamiko. Yalitoka kwa kampuni iliyoajiriwa na wenye filamu. Palikuwa na jina la filamu, na chini yake mstari kama huu (anwani nimeibadili):

```
2012-05-19T21:14:37Z  203.0.113.24:51413
```

Karani alinieleza jinsi wanavyoipata. Filamu inayogawanywa kwa njia ya BitTorrent hukatwa vipande vidogo vingi. Anayeitaka hujiunga na kundi la wanaoitaka, na kila mwenye kipande humpa asiye nacho. Ili upewe, sharti kompyuta yako iwatangazie wageni anwani yake. Na miongoni mwa wageni hao wameketi watu wa kampuni, wanapokea kama wengine, huku wakiandika ni anwani gani imetoa kipande, kwa mlango upi, saa ngapi. Hawavunji mlango wa mtu. Wanasimama sokoni na daftari.

Karani alitaka mambo mawili kwa maandishi: hatua tulizochukua ili lisitokee tena, na jina. Bila hayo, akasema, anwani itabaki imefungwa.

Kikao kilifanyika Jumatano usiku. Watu walikuwa na hasira, na walikuwa na haki. Dada mmoja alikuwa na maombi ya kazi ambayo mwisho wake ni usiku wa siku ile. Alikimbia kwa miguu mpaka maktaba ya chuo akaikuta inafungwa. Wapo waliokuwa katikati ya tasnifu. Wakanitazama mimi mwenye mtandao, nami nilikuwa na mstari ule mkononi. Nikafikiri kwa sauti mbele yao. Tarehe 19 Mei ilikuwa Jumamosi, siku ya fainali ya Ulaya, Bayern na Chelsea, iliyochezwa Munich kwenyewe. Mchezo ulianza saa tatu kasorobo usiku. Saa 21:14 ni saa tatu na dakika 14, kipindi cha kwanza kinaendelea, na nyumba nzima tulikuwa sebuleni tumebanana. Nani hakuwapo?

Alikosekana mmoja. Alikuwa mwenzangu wa Kameruni, mtu mpole, mkubwa kwangu kwa miaka minne, aliyekuwa chumbani akiandika tasnifu. Sote tulikumbuka, kwa kuwa Drogba aliposawazisha katika dakika ya 88 tulipiga kelele, naye akashuka mbio kuuliza kuna nini, akabaki nasi mpaka penalti. Nikasema, tena kwa Kijerumani cha uangalifu sana, kwamba kwa saa ile mtu wa pekee aliyekuwa kwenye kompyuta ni yeye.

Nitasema na lile ambalo sikulisema kwa mtu siku ile. Katika nyumba tulikuwa Waafrika wawili. Niliona macho ya wengine yakitupitia sote wawili, au nilidhani nimeyaona. Nilitaka ijulikane kwamba mimi sipendelei. Kama angekosekana kijana wa Kijerumani wa chumba cha 3, nadhani ningesema tu kwamba jambo hili ni gumu kulijua.

Yeye alisimama akasema, "Sikufanya," akaketi. Hakuongeza neno.

Ijumaa nikaketi kuandika ile barua ya kituo. Nikanakili mstari wa malalamiko herufi kwa herufi, na nilipofika mwisho wa saa mkono ukasita. Palikuwa na herufi Z. Katika fani yangu tunaandika vipimo vya mvua na mito kwa mtindo huo huo, nami nilijua maana yake tangu mwaka wa kwanza: saa hii ni ya Grinichi, si ya hapa. Ujerumani wakati wa kiangazi iko mbele kwa saa mbili. Kwa hiyo haikuwa saa tatu na dakika 14, ilikuwa saa tano na dakika 14 usiku, wakati ambapo dakika za nyongeza zilikuwa zinaishia na penalti zinakaribia. Na wakati huo mwenzangu wa Kameruni alikuwa ameketi ubavuni pangu, ameshika kichwa kwa mikono miwili.

Kosa hili lingeweza kumpata Mjerumani bila lawama kubwa. Lakini mimi ni Mswahili. Tangu utoto naishi na saa mbili: saa tatu ya kwetu ni tisa ya wenzetu, na kila tukiagana na mgeni twauliza, kwa saa ya Kiswahili au ya Kizungu? Mtu wa kwetu ndiye aliyepasa kuuliza, hii ni saa ya nani?

Nikaendelea kufikiri, na kila nilivyofikiri nilizidi kuaibika. Hata kama saa ingekuwa ile ya kwanza, hoja yangu haikuwa na miguu. Kazi ile haihitaji mtu awe mbele ya kompyuta. Unaiamuru ianze, unafunga mlango, unakwenda kutazama mpira, nayo inapokea na kutoa vipande usiku kucha. Aliyekuwa sebuleni angeweza kuwa ndiye, na aliyekuwa chumbani angeweza kuwa ndiye. Nilikuwa nimetafuta mwili wa mtu mahali ambapo palihitajika namba ya mlango na jedwali ambalo halipo tena.

Je, nilikwenda kumwambia? Sikwenda. Ijumaa ikapita, Jumamosi ikapita. Jumapili ya tarehe 27 ilikuwa Pentekoste, na huko Jumatatu yake pia ni sikukuu. Maktaba zimefungwa, kituo kimefungwa. Kila Jumapili mwenzangu alikuwa akizungumza kwa Skype na mkewe huko Duala, na kumtazama mtoto wao mwenye miezi minne, ambaye alikuwa hajamwona ila katika kioo cha kompyuta. Jumapili ile nilimkuta jikoni akipika wali. Tulisalimiana. Neno la siri la mtandao lilikuwa limebandikwa kwenye jokofu karibu na bega lake, kama lilivyokuwa tangu nilipohamia, kwa kila apitaye.

Siku hizo ndipo nilipomkumbuka mkuu wa shule, na gunia lake la barua. Nilijaribu kupima kama sisi tumedhulumiwa, na na nani. Katika kazi ya maji tuna jambo linalofanana. Kisima kikidhaniwa kuwa na kipindupindu, kinafungwa. Wanaokunywa hapo hawajakosa, wala hakuna anayesema wameadhibiwa. Kinafungwa kwa sababu madhara yanaendelea, na mpaka kipimwe hakuna njia ya kumtenga mmoja. Kwa kipimo hicho, kituo cha kompyuta kilikuwa na haki Jumanne asubuhi. Kilichokuwa mbele yao ni anwani, na mtu hawakumwona. Lakini kisima kinafunguliwa maji yakiwa safi. Hakuna mganga anayesema kitabaki kimefungwa mpaka wanakijiji wamtaje aliyechafua. Karani alipotaka jina, ufungaji ule uligeuka kuwa kitu kingine: ukawa mkono wa kutubana sisi kwa sisi mpaka mmoja atoke. Na ndivyo mkuu wa shule alivyofanya kwa barua zetu. Barua ya utovu wa adabu ilikuwa moja, haikuwa ikiendelea. Mwezi ule haukuzuia lolote; ulikusudiwa tu kutufanya tumtafute mwenzetu.

Na watu wakibanwa wamtafute mtu, humpata. Hawampati aliyekosa, maana hawana njia. Humpata aliye rahisi kuelekezewa kidole. Wahenga walisema samaki mmoja akioza wote huoza, nasi tunapenda kuisema methali hiyo kana kwamba inahalalisha kutupa tenga zima. Mvuvi hutupa tenga akishanusa samaki wote. Sisi tulitupwa kabla ya kunuswa, kisha tukaambiwa tunusane wenyewe.

Wako waliolijibu swali hili kwa kuepa jina kabisa. Wafaransa mwaka 2009 walitunga sheria ya kumwonya mwenye laini mara kadhaa, na mwishowe kumkatia. Tarehe 10 Juni mwaka huo Baraza lao la Katiba liliwaambia kwamba kumkatia mtu mtandao si kazi ya ofisi, ni kazi ya mahakama, na kwamba haifai mwenye laini ndiye abebe mzigo wa kuthibitisha kuwa hakukosa. Walirudi na sheria nyingine ambayo kosa lake lilikuwa uzembe wa kutoilinda laini, yeyote awe ameitumia. Na adhabu ya kukata wakaiondoa mwaka 2013. Ujerumani nako mahakama kuu ilikwisha amua, Mei 2010, kwamba anayeacha mtandao wa hewa bila ulinzi wa kutosha anaweza kudaiwa azuie jambo hilo hata kama si yeye aliyepakua; mzigo huo ulipunguzwa kwa sheria ya mwaka 2017. Fikra hiyo ina uaminifu fulani: haidai kujua isichojua. Lakini tazama inapotupeleka. Kama mwenye nyumba anadaiwa ulinzi, atataka kuwalinda wakazi, na kulinda ni kutazama. Katika kikao chetu kijana mmoja alipendekeza tuweke kompyuta kuukuu iandike kila mazungumzo ya kila chumba: saa, mlango, anwani iliyotembelewa. Ingewezekana kwa jioni moja ya kazi. Tungempata mkosaji kwa dakika mbili, na kwa ajili yake tungekuwa tumeandika daktari anayetafutwa na huyu, kanisa analosikiliza yule, na gazeti la kwao ambalo serikali ya kwao haipendi lisomwe. Nilipinga siku ile kwa maneno makali. Leo naona nilipinga kwa urahisi, kwa sababu aliyelipa gharama ya kutokuwa na daftari hakuwa mimi.

Jumanne jioni dada wa chumba cha 12 aligonga mlango wangu. Alikuwa ametoka kwao kwa sikukuu. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka 17, alikuwa amekuja wikiendi ile kutazama fainali pamoja nasi. Nilimkumbuka, alilia Bayern walipokosa penalti ya mwisho. Nyumbani, mezani, kijana akaisimulia filamu fulani. Dada akamuuliza ameipata wapi. Kompyuta yake ilikuwa juu ya kitanda cha dada, imewashwa usiku ule wote, na neno la siri alilisoma jikoni. Kwetu twasema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Akaniomba nisimtaje. Wazazi wangeweza kupelekewa barua ya mawakili, na barua hizo zilikuwa zikidai mamia ya yuro. Nilifikiri usiku kucha, nikaona kwamba jina si langu kulitoa, na kwamba karani hahitaji zaidi ya kujua kuwa maji ni safi. Jumatano niliandika: aliyehusika alikuwa mgeni, ameondoka na kompyuta yake, neno la siri limebadilishwa, na wageni watapewa lao la siku chache. Alhamisi tarehe 31 saa sita mchana tukafunguliwa. Hakuuliza jina tena. Hilo lilinishangaza, kisha likaniuma: huenda hata siku ya kwanza asingeshikilia, kama ningemjibu kwamba halijulikani.

Kwenye ubao wa jikoni nikabandika karatasi: chanzo kimepatikana, si mkazi wa nyumba hii. Niliona nimewasafisha wote kwa pamoja. Kisha nikamtafuta mwenzangu wa Kameruni, nikamkuta kwenye jiko la gesi, nikamweleza kila kitu, herufi Z, zile saa mbili, na kwamba nilijua tangu Ijumaa. Nikamwomba radhi.

Alizima moto kwanza. "Ndugu yangu," akasema, "ulinituhumu mbele ya watu, unaniomba radhi mbele ya sufuria."

Nilisema karatasi iko ubaoni. Akasema ameisoma, karatasi inasema si mkazi, haisemi kwamba ulikosea. Watu watadhani nilikuwa na mgeni.

Kikao kilichofuata kilikuwa tarehe 6 Juni. Nilisimama nikaeleza mstari ule mbele ya wote, na jinsi nilivyousoma vibaya, na jinsi ambavyo hata ningeusoma vizuri usingeonyesha mtu. Wengi walikuwa wamekwisha kusahau. Mmoja aliuliza kama tunaweza kuendelea na suala la baiskeli. Mwenzangu alikuwa akitazama meza.

Mwaka uliofuata kituo kilitupa mpango mpya. Kila tundu la ukutani lingekuwa na anwani yake, limeandikishwa kwa jina la mkazi, ili malalamiko yakija afungwe mmoja na wengine waendelee. Tulipewa fomu. Wote tulitia sahihi siku ile ile, nami nikiwa wa kwanza. Yeye alikaa na fomu yake wiki nzima, akaenda kituoni kuuliza kumbukumbu zao zinakaa muda gani kabla ya kufutwa. Wakamwambia siku 7. Akarudi, akaweka sahihi, kisha akaniita niangalie mstari aliokuwa ameuandika kwa kalamu chini ya fomu. Aliuliza kama kumbukumbu hizo zinaandikwa kwa saa ya Grinichi au saa ya pale.